Mayai, nyama, kuku, samaki au maharage: nunua kipi kama unajali hewa?

Watu wengi wakilinganisha hivi vitu wanalinganisha kwa kilo, na hapo ndo wanapotea, maana kilo ya maharage makavu na kilo ya mayai hazina protini sawa. Chukua gramu 100 za protini kama kipimo. Hizo unazipata kwenye mayai kama 16 (nusu trei na moja juu), au maharage makavu karibu nusu kilo, au nusu kilo hivi ya nyama isiyo na mfupa.

Namba ninazotumia ni za gesi zinazopasha dunia joto, zikigeuzwa zote kuwa sawa na kilo za gesi ya ukaa. Ni za watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek, waliozitoa 2018 kwenye jarida la Science baada ya kukusanya data za mashamba kama 38,700 kwenye nchi 119. Ni wastani wa dunia, na zinaishia dukani. Shika hilo la kuishia dukani, tutalirudia.

Namba moja ni maharage na jamii yake, gesi kama kilo 0.8 kwa hizo gramu 100. Mmea wenyewe unajitafutia naitrojeni hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi kwa hiyo mbolea ya chumvichumvi inatumika kidogo, na hakuna mnyama wa kulishwa hapo katikati.

Namba mbili ni mayai, kilo 4.2. Hapa mzigo mkubwa uko kwenye chakula cha kuku: kuku wa mayai mmoja anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku, mahindi, soya, mashudu ya alizeti, dagaa, na kila kimoja kimelimwa au kuvuliwa kisha kikasafirishwa. Sasa kuna wanaosema chukua ya kienyeji ndo safi. Inategemea bana. Kuku anayejiokotea wadudu na mabaki uani hana gharama kubwa ya chakula, sawa, lakini huyohuyo ukimfungia bandani ukamlisha chakula cha dukani wakati anataga mayai machache kuliko wa kisasa, kila yai linabeba chakula kingi zaidi. Kwa hiyo usiulize rangi ya kiini, muulize muuzaji kuku wanakula nini.

Kuku wa nyama anafuata na 5.7, na samaki wa kufugwa 6, hao wamepishana kidogo tu wala usiumize kichwa kuchagua kati yao. Dagaa hawamo kwenye hiyo namba ya samaki, wale wanavuliwa, hawalishwi chochote, na mimi ningewaweka juu ya mayai bila kusita, hasa wale wa kuanikwa juani.

Mwisho kabisa ng'ombe. Wa kufugwa kwa ajili ya nyama tu ni karibu kilo 50, yaani mayai mara 12 hivi! Ng'ombe anacheua, na kila akibeua anatoa methani, mojawapo ya hizo gesi za joto, na hiyo anaitoa miaka yote anayokua kabla ya kufika buchani. Nyama inayotokana na ng'ombe wa maziwa inashuka mpaka kama 17 kwa sababu sehemu ya mzigo inabebwa na maziwa. Bado haifiki kwa kuku.

Sasa turudi jikoni, maana hizo namba hazihesabu kupika na sisi wengi tunapikia mkaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa karibu kilo 3 za gesi ya ukaa, hapo hujagusa moshi wa kwenye tanuri huko porini. Chukua nusu kilo ya maharage ambayo hujaloweka, au yale ya zamani yamekaa stoo mpaka yamekuwa mawe, ukiyachemsha masaa mawili na kitu yakala kilo ya mkaa basi 0.8 yako imekuwa 3.8, umekaribia kabisa kuyafikia mayai. Mayai yenyewe dakika 10 yameiva. Miti ikiachwa iote tena sehemu ya hiyo gesi inarudi kwenye miti, ila ukinunua gunia huwezi kujua limetoka wapi.

Kwa hiyo maharage yanabaki namba moja kwa masharti. Sokoni chagua ya msimu huu: yanang'aa, ngozi haijakunjamana, ukimwaga kiganjani huoni unga wa wadudu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, halafu pika mengi kwa mkupuo mmoja ugawe, au kama una presha kuka hapo ndo mahala pake. Kama umerudi saa mbili usiku, hujaloweka kitu na jiko ni la mkaa, chemsha mayai tu.