Faiba ya mtaani: alfajiri Mbps 50, saa tatu usiku Mbps 4

Nimelipia Mbps 50, na alfajiri nazipata zote 50. Saa tatu usiku napata 4, zikizidi sana 6. Hilo ningelivumilia kama nisingejibiwa nilivyojibiwa. Dada wa huduma kwa wateja aliniambia nizime ruta niwashe tena, kisha akahamia kwenye simu zilizoko ndani kwangu: "Kaka, vifaa vyako ni vingi mno." Nilipomwambia nimepima kwa kompyuta moja tu iliyounganishwa kwa waya, vingine vyote vikiwa vimezimwa, akanipa msimamizi wake. Huyo hakuuliza chochote. "Kama hakikutoshi, panda kifurushi cha 100." Akakata simu.

Sitaji jina la kampuni. Walio Dar es Salaam mtaijua kwa tabia.

Nianze na hilo la kupanda kifurushi, maana ndilo lililonikera kuliko yote. Kifurushi ni kikomo tu ambacho kampuni inakuwekea kwenye mitambo yake. Linki inayolisha mtaa mzima ikijaa, pakiti zako, yaani vipande vya data, zinasubiri kwenye foleni au zinatupwa kabla hujakaribia kikomo chako. Jirani mwenye kifurushi cha 20 na mimi mwenye 50, usiku tunapata kiasi kilekile. Kumuuzia mtu Mbps 100 kwenye linki iliyojaa ni kuchukua hela yake bure, na msimamizi wa kampuni ya faiba hana kisingizio cha kutolijua hilo.

Akaja fundi. Yeye akasema mkongo wa baharini una shida. Mikongo hukatika kweli: Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania nzima ikaumia, mchana na usiku. Lakini hakuna mkongo unaokatika kila siku saa moja jioni na kupona saa sita usiku. Tena kuna kipimo kinachomaliza ubishi huo. Fungua Speedtest na uchague seva ya kampuni yako mwenyewe, au nyingine yoyote iliyopo hapa mjini. Data yake haipiti baharini kabisa. Kama hata hiyo inashuka hadi 4 usiku, msongamano uko kati ya nyumba yako na mitambo ya kampuni.

Hapo fundi akabadilisha wimbo: mko wengi kwenye splita, kile kifaa kinachogawa faiba moja kwa nyumba nyingi. Wengi wanakubali jibu hili kwa sababu boksi lenyewe linaonekana pale juu ya nguzo. Nami nilikuwa tayari kuiandikia kampuni nyota moja kwa kosa hilo, ila hesabu haikubali. GPON, teknolojia iliyotandazwa kwenye mitaa yetu mingi, inashusha takriban Gbps 2.5 kwa kila tawi, yaani faiba moja inayogawanywa na splita, na baada ya makato yake zinabaki kama Mbps 2,400 za kutumika. Tuseme tawi lina nyumba 64, na nusu yake, yaani 32, zinatazama filamu ya HD kwa wakati mmoja, kila moja ikila Mbps 5. Jumla ni Mbps 160. Tawi halijafika hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Splita haina kosa.

Mwanga nao hauna kosa. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta "Rx Power", yaani nguvu ya mwanga unaofika kwako. Kwa kawaida haitakiwi kushuka chini ya -27 dBm. Kwangu inasoma -21 mchana na -21 usiku. Idadi ya watu wanaotazama video haipunguzi mwanga, kwa hiyo ukiona namba hiyo haibadiliki huku kasi inaporomoka kila jioni, usikubali kuchomolewa waya na kuunganishwa upya kwa gharama zako.

Shida iko hatua moja juu zaidi. Matawi yote ya mtaa yanakutana kwenye mtambo mmoja, OLT, nao unaunganishwa na mtandao wa kampuni kwa linki yake. OLT ya mtaa wetu, kwa maelezo ya fundi wa pili, inahudumia takriban nyumba 400 na ililetewa linki moja ya Gbps 1. Rudia hesabu ileile: nusu ya nyumba, 200, mara Mbps 5, ni Mbps 1,000. Linki imejaa kwa filamu tu, kabla mtoto wa mtu hajaanza kupakua gemu na kabla hujahesabu runinga za 4K zinazokula Mbps 15 kila moja. Alfajiri nyumba 400 zimelala, linki iko wazi, unapata 50 zako. Kampuni inaweza hata kuwa na kopi za video hapahapa nchini, hazitakusaidia, kwa sababu ziko upande wa pili wa linki iliyojaa.

Kuithibitisha ukiwa sebuleni, chomeka kompyuta kwa waya. Waifai usiku inavurugwa na waifai za majirani na itakuharibia ushahidi. Kisha, kwenye Command Prompt ya Windows:

```
tracert -d 8.8.8.8
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 ANWANI_YA_MSTARI_WA_PILI
```

Mstari wa kwanza wa `tracert` ni ruta yako, na anwani yake isipokuwa 192.168.1.1 weka iliyopo. Wa pili ni mtambo wa kwanza wa kampuni, mara nyingi anwani yake huanza na 10 au 100.64. Alfajiri kwangu ruta hujibu kwa milisekunde 1 na mstari wa pili kwa 3. Saa tatu usiku ruta bado ni 1, mstari wa pili umepanda hadi 90 na zaidi, na baadhi ya pakiti hazirudi. Angalizo: kuna mitambo inayochelewa kujibu ping kwa makusudi. Kama mstari wa pili ni 90 lakini wa tatu na wa nne ni 8, hiyo si foleni. Foleni ya kweli inaonekana kwenye mistari yote inayofuata. Dalili nyingine: kupakia kunabaki vizuri, kwangu karibu 45, huku kupakua kukiwa 4. Watu wanavuta video, hawazisukumi, kwa hiyo upande mmoja tu wa linki ndio unaojaa.

Nilituma picha za vipimo hivyo kwa barua pepe, alfajiri na usiku, siku kadhaa mfululizo, nikaandika wazi kwamba nakala inayofuata itaenda kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Hapo ndipo alipokuja fundi wa pili, kijana mtulivu, akasoma namba na kusema, "Hii ni linki ya OLT, bosi. Tulishaomba iongezwe." Yaani walijua! Walijua na bado wananiambia nina simu nyingi.

Baada ya muda wakaweka linki ya Gbps 10. Sasa saa tatu usiku napata 47, mstari wa pili haupiti milisekunde 5. Lazima niseme ukweli: huduma ya sasa ni nzuri, na kama ningeanza leo ningeipa nyota nne. Naipa mbili. Miezi yote ile nililipa bei kamili, sikurudishiwa hata shilingi, na yule msimamizi hajapiga simu kuomba radhi.

Unayetaka kuunganishwa, usimuulize wakala kasi ya kifurushi. Muulize OLT ya mtaa wako ina linki ya Gbps ngapi na inalisha nyumba ngapi. Asipojua, mwombe jirani ambaye tayari anayo apime kwa waya Jumapili saa tatu usiku, ndipo utoe hela.