Janti za habu au janti za bolti: ile nati usiyoiona ndiyo inayotoa mpira

Jamboni, ndugu zangu. Leo niko hapa Kenya, ile komini yetu ya Lubumbashi, mapapa wa Nairobi wasije wakanidai. Mbele yangu kuna janti mbili za lori. Ukiwa mbali ni mapacha: chuma, matundu kumi, tundu kubwa katikati. Sogea uone matundu ya bolti.

Hii ya kushoto, matundu yake yamenyooka tu. Katikati, janti inakalia vile vijino vya habu. Habu ndiyo inayoiweka sawa. Kila bolti ina nati moja, pana, yenye washa yake inayozunguka. Nati hiyo inakaza janti zote mbili, ya ndani na ya nje, kwa mpigo mmoja. Hii ya kulia, matundu yamechongwa kama vikombe. Hapa inayoweka janti katikati ni nati yenyewe, kwa mdomo wake wa mviringo. Kwa mipira pacha ya nyuma kuna nati mbili kwa kila bolti: ya ndani inafunga janti ya ndani, kisha ya nje inajifunga juu ya mgongo wa ile ya ndani. Na upande wa kushoto wa gari nyuzi zake zinakazwa kinyume. Vijana wengi wa kwado wamekata bolti kwa kusahau hilo.

Hii ya kulia imetoka kwenye trela ya mteja wangu. Ilipakia shaba Kolwezi, na kabla ya kuondoka wakabadilisha mpira wa ndani. Shofere ni mtu makini: alipofika Likasi alishuka, akapitisha spana kwenye nati zote kumi. Hakuna hata moja iliyosogea, akaridhika. Kabla ya kufika Lubumbashi mipira yote miwili ikamtangulia, ikaingia porini.

Alikosea wapi? Alikaza nati za nje. Iliyolegea ilikuwa ya ndani, nayo imefunikwa na ya nje, spana haiifikii. Tazama hii, ndiyo janti ya ndani: vikombe vimetanuka, vimekuwa kama yai. Ya nje bado nzuri. Na hii bolti iliyokatika, sehemu kubwa ni nyeusi yenye kutu, kipande kidogo tu kinang'aa. Maana yake ilianza kupasuka zamani, ile siku ilimalizia tu.

Kwa hiyo kwenye aina hii, kukaza tena ni kazi. Unalegeza nati tano za nje, moja ndiyo moja hapana, unakaza za ndani chini yake, unarudisha za nje. Halafu zile tano zilizobaki. Ufanye hivyo baada ya kilomita 80 hadi 160 tangu mpira ufungwe. Kwenye janti ya habu unapitisha spana mara moja, umemaliza. Ndiyo sababu mimi naichagua, hata ikiwa bei iko juu kidogo.

Lakini nayo ina masharti yake. Inashikwa na mbano wa chuma kwa chuma, si na bolti kubeba mzigo. Ukipaka rangi nene pale janti zinapogusana, rangi inasagika njiani na mbano unapungua. Kutu na udongo vivyo hivyo. Piga brashi ya waya kwanza. Tone la oili linawekwa kwenye nyuzi na kati ya nati na washa yake, kamwe si pale washa inapogusa janti. Zile za vikombe zinafungwa kavu.

Nguvu ya kukaza, kwa bolti za milimita 22, ni kama nyutoni mita 650. Ni sawa na mtu wa kilo 65 kuning'inia mwisho wa bomba la mita moja. Sasa yule kijana wa kilo 80 anayesimama kwenye bomba la mita moja na nusu anafika karibu 1,200, hata kabla hajaruka! Bolti inavutika, haibani tena vizuri.

Kuna jambo moja watu wanachanganya. Mpira ukitoka na kuacha habu kwenye ekseli na bolti zimekatika, tafuta kosa kwenye nati. Ukitoka pamoja na habu na tamburu, bolti zote zikiwa nzima, waache watu wa kwado wapumzike: hiyo ni rulma. Ilikosa mafuta au haikufungwa sawa, na mara nyingi habu ilikuwa imeshaanza kuvuja au kupata joto kuliko wenzake.

Trela ya mteja niliifungia bolti mpya zote kumi upande ule. Ikikatika moja, badilisha na jirani zake wawili. Zikikatika mbili, toa zote. Alitaka turudishe janti hii yenye matundu ya yai. Nilikataa, ndiyo maana iko mezani kwangu.