Hiace ya watalii: kukodi au kununua?

Mwenye kampuni ya kubeba wageni kutoka Mjini hadi Nungwi anahitaji Hiace kwa miaka 4. Benki inamtoza riba ya asilimia 20. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, na riba inapunguza kodi hiyo, kwa hiyo mkopo unamgharimu asilimia 14. Hiki ndicho kiwango cha kupunguzia fedha za mbele ili kupata thamani yake ya leo, maana ada ya kukodi ni ahadi isiyokwepeka, sawa na deni.

Akikodi kwa milioni 14 kila mwisho wa mwaka, matengenezo yakiwa juu ya mwenye gari, baada ya kodi anatoa milioni 9.8. Thamani ya leo ya malipo yote ni milioni 28.6.

Akinunua kwa milioni 40, tuchukulie uchakavu wa milioni 10 kila mwaka: unamwokolea kodi ya milioni 3. Matengenezo ya milioni 2 yanabaki 1.4 baada ya kodi. Mwishoni anauza kwa milioni 12, mkononi 8.4 baada ya kodi, kwani uchakavu umeshamaliza thamani yote ya gari vitabuni. Jumla ya leo ni gharama ya milioni 30.4.

Kukodi kunashinda hapo. Lakini gari likiuzika kwa milioni 20, kununua kunashuka hadi milioni 27. Bei hiyo ndiyo ya kuichunguza kwa madalali kwanza, kwani chumvi ya pwani hula bodi.

Tafadhali usitoe tena riba ya mkopo kwenye hesabu ya kununua. Imeshaingia katika ile asilimia 14. Na kampuni isiyo na faida haipati nafuu ya kodi: irudie hesabu yote kwa asilimia 20.