Nimepeleka tenga la nyanya kusindikiwa, nikarudishiwa ndoo ya maji mekundu

Jamani naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Kuna jiko moja la kusindika hapa Arusha, silitaji jina, wenyewe wanajijua, unapeleka nyanya zako wao wanakamua, wanapika sosi, unalipia kwa kila lita unayochukua. Mimi nina oda za watu wa chips na mishkaki, na juzi juzi, kabla mvua hazijachanganya, nikabeba tenga kutoka soko la Kilombero, kilo 40 kwenye mizani, nyanya aina ya Tanya nzuri zile ngumu zimeiva mpaka ndani, nikawaambia kabisa nataka sosi nzito ya kukaa juu ya chips isitiririke. Jioni nakuta ndoo ya lita 20 imejaa mpaka shingoni.

Mwingine angefurahi. Mimi nilijua pale pale kuna shida, maana tenga la kilo 40 halitoi lita 20 za sosi nzito, haliwezi, hata upike na malaika. Nikamuuliza kijana, mbona nyingi hivi? Akanijibu huku anachezea simu, "Sasa mama, umepewa nyingi na bado unalalamika?" Hapo ndo aliponimaliza.

Ngoja niwaambie kwa nini nyingi ni mbaya. Nyanya ni maji, kama asilimia 95 hivi ni maji, kwa hiyo kwenye kila kilo 1 ya rojo kuna gramu 50 tu za kitu chenyewe. Kupika sosi ni kufukuza maji tu, zile gramu 50 haziongezeki wala hazipungui. Sasa chukua tenga langu. Toa zilizooza na vikonyo, kama kilo 2. Mashine ikitoa maganda na mbegu inaondoa kama kilo 4. Unabaki na rojo kilo 34, na humo ndani nyanya yenyewe bila maji ni kilo 1.7 basi. Sosi nzito ya kushika kijiko mimi naihesabia asilimia 12, yaani kwenye kila kilo ya sosi gramu 120 ziwe nyanya yenyewe. Gawanya 1.7 kwa 0.12, unapata sosi kama kilo 14, na kwa kuwa sosi nzito ina uzito kuliko maji kidogo, hiyo ni lita 13 na nusu hivi. Kilo 40 kwa lita 13 na nusu, ni kilo 3 za nyanya kwa lita 1. Hata mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wa kuhifadhi vyakula nyumbani unaenda huko huko, sosi nzito kama kilo 21 za nyanya kwa lita 6.6, nyepesi kilo 16 kwa lita hizo hizo.

Wao wamenipa lita 20. Hiyo ni kilo 2 kwa lita, hata ile nyepesi ya Wamarekani inataka kilo 2.4! Na kwa nini wasipike mpaka mwisho? Kwa sababu wanalipwa kwa lita inayotoka. Kila lita ya maji wanayoiacha ndani wanakuuzia wewe, halafu na gesi wameokoa. Mimi nimelipia kupikiwa lita 6 na kitu za maji, yaani maji!

Lakini nisiwaonee, mashine yao ni kiboko. Rojo laini, hukuti mbegu hata moja, na yale maganda yanayojikunja kama vijiti kwenye sosi ya kupika nyumbani hayapo kabisa, kwa kazi hiyo peke yake nilikuwa nataka kuwapa nyota 3. Na nikajisemea labda ni uharaka tu, nitamalizia mwenyewe nyumbani, si kupunguza maji tu.

Nikaimimina kwenye sufuria pana, pana ndo siri maana maji yanatokea juu, sufuria ndefu utakesha. Kwanza niliweka kijiko kimoja kwenye sahani ya baridi, hichi ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza, ukiona pete ya maji inatoka pembeni ya lile rojo ujue bado. Ilitoka pete mpaka ikafika ukingoni mwa sahani. Nikasimamisha mwiko katikati, nikaweka alama ya kisu pale sosi ilipofika, halafu chini yake alama ya pili kwenye theluthi mbili ya kina, maana sufuria yangu ina kuta zilizonyooka kwa hiyo kina na lita vinashuka pamoja. Moto wa wastani, na mwisho mwisho unakoroga bila kuacha kwa sababu sosi ikishakuwa nzito inarusha na inashika chini. Ilipofika alama ya pili pete ikaisha. Nikapima, lita 13 na kidogo. Hesabu ikatoka ile ile, sikushangaa.

Nikaonja.

Chumvi! Walishaweka chumvi ya lita 20! Chumvi haipandi na mvuke, inabaki yote, kwa hiyo lita 20 zikishuka kuwa 13 na nusu ukali wake unapanda karibu mara moja na nusu. Mtu anayepika sosi kwa biashara anatia chumvi mwisho, sosi ikishafika uzito wake. Ukitia mwanzo maana yake wewe mwenyewe ulishaamua hutapunguza, na mteja akitaka kurekebisha umemfungia mlango. Kwa hiyo zile nyota 3 nimezifuta, ni 1, na hiyo 1 ni ya mashine.

Nikapiga simu. Mwenye jiko naye ananiambia eti nyanya za msimu huu zina maji. Hilo ni kweli kwa nyanya za masika, au zile za duara kubwa laini za kachumbari, gramu 50 zinaweza kushuka hadi 40 na hapo utahitaji kilo 3 na nusu mpaka karibu 4 kwa lita. Lakini baba, nyanya ikiwa na maji zaidi unapata sosi CHACHE, tenga lile lile lingetoa kama lita 11, sio 20! Akanyamaza, akasema yuko barabarani atanipigia.

Ningerudi kwao kwa sharti moja, walipwe kwa kilo ya nyanya inayoingia na chumvi nitie mwenyewe. Nimewaambia, wamekataa, utaratibu wao ni lita. Basi mimi siendi, na kama wewe unaenda simama na mizani yako, tenga la kilo 40 wakikutolea zaidi ya lita 14 na wakasema ni nzito, omba sahani ya baridi hapo hapo mbele yao kabla hujatoa hela.

Sasa hivi nina lita 13 na nusu za chumvi. Ili zilike inabidi nichanganye na lita 6 na nusu zisizo na chumvi kabisa, ambazo kwa kilo 3 kila lita ni nusu tenga lingine, gesi nyingine, na mteja wangu wa mishkaki anasubiri, na simu ya barabarani haijapigwa mpaka leo.