Nimetumia kifaa cha kubalansi feni pale pale ilipofungwa: haya ndiyo niliyoyaona

Niseme mapema kwamba kifaa kinafanya kazi, ila kipengele kilichonifaa kuliko vyote sicho kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ndani yake kuna sensa mbili za mtetemo zenye sumaku, takometa ya leza, kipande cha utepe wa kung'aa wa kubandika kwenye shafti na skrini ya mkononi.

Nilikipeleka kwenye feni ya kufyonza vumbi yenye rota ya kilo 120. Kabla ya hapo karakana moja iliibalansi kwa kuiweka juu ya reli mbili na kuiacha ijizungukie hadi upande mzito ushuke chini. Njia hiyo inakamata uzito uliozidi upande mmoja tu. Ikiwa sahani ya mbele imezidi juu na ya nyuma imezidi chini, rota itatulia kwenye reli kana kwamba haina kasoro, kisha ikizunguka itazitikisa beringi mbili kwa kupokezana. Ndiyo maana nilitaka sensa mbili, moja kwa kila beringi. Kwa bahati impela hii ni nyembamba na beringi zote mbili zilitikisika pamoja, hivyo uzito wa upande mmoja ulitosha.

Malalamiko yalikuwa kwamba inatikisika vibaya ikiendeshwa na inveta, yaani kidhibiti kasi cha mota, kwa mizunguko 1250 kwa dakika. Baada ya kusafisha mapanga (msibalansi vumbi, litabanduka siku nyingine), nilipima kwa kasi hiyo na pembe kwenye skrini, inayoonyesha mtetemo unafika kilele wapi ukilinganisha na ule utepe wa shafti, ikawa inatangatanga, haitulii. Nikapandisha hadi 1480, pembe ikatulia: milimita 9.0 kwa sekunde, nyuzi 60. Nikafunga uzito wa majaribio wa gramu 25 umbali wa milimita 400 kutoka katikati, nikawasha tena, ikasoma 6.1 kwa nyuzi 92. Kama uzito wa majaribio haubadilishi kiwango au pembe kwa takriban asilimia 30 au nyuzi 30, ongeza uzito, la sivyo hesabu itajengwa juu ya kelele. Hapa vyote viwili vilibadilika vya kutosha. Kifaa kikaniambia nitoe gramu 25, nifunge gramu 45 nyuzi 40 kutoka pale, kuhesabu kinyume cha mzunguko. Nilihakikisha kwa penseli: ukihesabu kiwango pamoja na pembe, gramu 25 zilileta badiliko la milimita 5 kwa sekunde, yaani 0.2 kwa kila gramu, na 9.0 ukigawa kwa 0.2 ni 45. Baada ya kuchomelea, 0.9.

Sasa kuhusu daraja la kubalansi, ambalo skrini inalionyesha kwa namna ya kupotosha. Feni kama hii kwa kawaida hupewa G6.3 ya kiwango cha ISO 21940-11. Wengi huona 6.3 wakadhani ndiyo milimita kwa sekunde inayoruhusiwa kwenye beringi. Sivyo. Ni umbali wa kitovu cha uzito kutoka kwenye mhimili, ukizidishwa na kasi ya pembe. Kwa mizunguko 1480 umbali huo ni kama mikroni 41, na kwa kilo 120 ni sawa na gramu 12 zilizobaki pale kwenye milimita 400. Mimi nilibakiwa na gramu 4 na nusu hivi, kwa hiyo rota imepita. Beringi itasoma ngapi ni habari ya kitako na fremu inayokibeba pia.

Na ndiyo hiyo iliyojitokeza. Niliporudi kwenye 1250 nikapata 3.2, wakati 1480 ni 0.9. Hapo ndipo kipengele cha kurekodi feni inapozimwa na kupungua kasi kilipolipa. Mchoro ulipanda ghafla karibu na 1210, na pembe ikageuka karibu nyuzi 180 ikipita hapo. Hiyo ni kasi hatari, yaani kasi inayolingana na mtetemo wa asili wa mashine, hivyo hata msukumo mdogo hukuzwa. Nikagonga kitako kwa nyundo ya mpira feni ikiwa imesimama, kikaitikia karibu na herzi 20, yaani mizunguko ileile 1210. Shafti haihusiki, ni fremu ya chini inayoyumba. Kwa rota ile ile, hakuna daraja la kubalansi litakaloondoa hilo. Litapunguza tu kinachokuzwa.

Wenye feni walitaka kuongeza vyuma kwenye fremu. Niliwazuia kidogo, kwa sababu kukaza nusunusu kungeisogeza kasi hatari juu, pengine hadi 1480 yenyewe. Kwa sasa inveta imepangwa kuruka kati ya 1100 na 1320.

Lawama zangu kwa kifaa: hakitoi onyo lolote pembe inapoyumba, kinakokotoa tu na kukupa jibu kwa uhakika wote. Leza nayo inachanganyikiwa shafti ikiwa inang'aa, ikabidi niipake rangi nyeusi kuzunguka utepe. Ningekinunua tena, ila mtu atakayekitumia bila kufungua ule mchoro wa kupungua kasi atakuwa amelipia nusu ya kifaa.