Gongo saizi gani, mpira gramu ngapi: maswali ya wazazi kuhusu vifaa vya kriketi vya watoto

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa watoto ninaowafundisha kriketi huniletea maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mpangilio wa kile ambacho ningenunua kwanza. Bei sitaandika, maana hubadilika duka hadi duka.

Kocha, mwanangu ana miaka 10. Nimnunulie saizi gani?

Umri ninausikia, lakini ninachouliza ni urefu. Watoto wawili wa miaka 10 wanaweza kupishana sentimita 15. Magongo ya watoto huandikwa namba kuanzia 0 au 1 hadi 6, kisha inafuata saizi iitwayo Harrow, kisha SH ambayo ni ya watu wazima. Watengenezaji hupishana kidogo, ila chati zao nyingi zinaangukia hapa:

- Chini ya sm 130: saizi 1
- Sm 130 hadi 137: saizi 2
- Sm 137 hadi 145: saizi 3
- Sm 145 hadi 150: saizi 4
- Sm 150 hadi 157: saizi 5
- Sm 157 hadi 165: saizi 6
- Sm 165 hadi 173: Harrow
- Zaidi ya hapo: SH

Kutoka saizi moja hadi nyingine gongo huongezeka kama sentimita mbili na nusu. Inaonekana ndogo, lakini mtoto anaisikia mikononi.

Dukani, chati iache mfukoni. Mtoto asimame wima akiwa na viatu vyake vya kuchezea, gongo liegemee upande wa nje wa mguu, ncha yake ikigusa kiatu. Mwisho wa mpini ufike usawa wa kinena, pale paja linapoishia. Ukifika kiunoni, ni refu. Ukiishia katikati ya paja, limeshakuwa fupi na mtoto atainama mno anaposubiri mpira.

Si afadhali nichukue kubwa kidogo ili akue nalo?

Hili ndilo kosa linalogharimu watoto wengi. Sare ya shule unaweza kukunja pindo, gongo halikunjwi.

Mtoto mwenye gongo refu hushika mpini chini, karibu na ubapa, ili aweze kulibeba. Akishika hapo, mkono wa chini ndio unaofanya kazi yote. Kiwiko cha mbele hakipandi, na gongo halishuki wima tena bali linapita mbele ya mwili kama fagio. Mpira ulionyooka kuelekea wiketi unampita. Wewe utadhani haoni vizuri, kumbe mpini umemgonga tumboni kabla hajamaliza pigo. Dalili nyingine ya kuangalia: akiinua gongo nyuma, je, ncha inaelea inapotakiwa, au inazama na kuvuta bega? Ikizama, ni zito, hata kama urefu wake ni sawa.

Mfano ulio karibu: mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 10, urefu sm 142. Alitaka saizi 6 ili limfikishe sekondari. Tukalisimamisha kando ya mguu, mpini ukapita kinena na kukaribia kiuno. Kwa chati, kijana ni saizi 3, lakini yuko karibu na mpaka wa 4, na anakua. Hapo ndipo panaporuhusu kupanda saizi moja, kwa sharti la uzito. Duka lilikuwa na saizi 4 mbili zinazofanana kwa macho. Tukaazima mizani, moja ikasoma gramu 1,020 na nyingine 880. Akashika kila moja kwa mkono wa juu peke yake, ule ulio karibu na mwisho wa mpini, akaigiza pigo la kujilinda mara kadhaa mfululizo. Kwa lile zito, kiwiko kilianguka kwenye pigo la tatu. Kwa lile jepesi hakikuanguka. Wakaondoka na la gramu 880, na lilikuwa la bei ndogo kuliko saizi 6 aliyokuja kuitafuta.

Kwa kipimo cha haraka: saizi 3 na 4 zisizidi sana gramu 900, saizi 5 na 6 zikae karibu na kilo moja au chini yake. Ukikuta lebo imeandikwa kwa paundi na aunsi, aunsi moja ni gramu 28, na paundi mbili ni takriban gramu 907. Ukilazimika kuchagua kati ya urefu sahihi na wepesi, chagua wepesi.

Mbao gani? Muuzaji anasema wilo ya Kiingereza ndiyo bora.

Ni bora, kwa mchezaji anayepiga mpira mgumu kila wiki. Kwa mtoto, mpangilio wangu ni huu.

Naweka juu kabisa gongo la wilo ya Kashmiri lenye saizi sahihi na uzito mdogo. Mbao hii ni ngumu zaidi, kwa kawaida ni nzito kidogo, na huvumilia mtoto anayeliburuta chini kwenye sementi. Ni kwa sababu ya uzito huo ndipo mizani inahitajika: mawili ya saizi moja hayalingani.

La pili ni gongo la wilo ya Kiingereza lililotumika, kutoka kwa mtoto mkubwa klabuni. Watoto huyaacha magongo yakiwa bado mazima, na lililochezewa msimu mmoja limeshagongwa likakomaa. Kagua ncha kama imevimba kwa unyevu, na uligonge kwa mpira wa zamani. Sauti ikiwa butu sehemu moja tu, kuna ufa ndani.

La tatu ni wilo ya Kiingereza mpya. Hili lazima lipakwe mafuta mabichi ya kitani kidogo kwenye ubapa, kisha ligongwe kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa, taratibu, kabla ya kukutana na mpira mgumu. Kingo na ncha zisipogongwa, zitapasuka mapema. Mzazi asiye na muda huo anatupa pesa. Na kwa hali ya hewa ya Pwani: usiliache kwenye buti la gari juani. Mbao hukauka na kuchanika.

La mwisho kabisa, nisilomshauri mtu, ni gongo la baba lililokatwa na seremala. Nimeona mengi. Mpini unabaki mnene, vidole vya mtoto havizunguki. Ubapa unabaki mpana wa mtu mzima. Sehemu nene inayopiga vizuri, iliyokuwa mbali kidogo na ncha, sasa iko mwisho kabisa, kwa hiyo mpira mzuri unapigwa na mbao nyembamba. Na ile mbao iliyokatwa chini inanyonya maji ya nyasi za asubuhi.

Mtoto wa chini ya miaka 7? Gongo la plastiki na mpira laini. Wilo isubiri.

Na mpira? Mbona yote inaonekana sawa dukani?

Inafanana kwa rangi, ila haifanani kwa gramu, na tofauti inakaa mkononi mwa mrushaji. Sheria za kriketi zinatambua mipira mitatu ya ngozi. Wa wanaume ni gramu 155.9 hadi 163. Wa wanawake ni 140 hadi 151. Wa watoto wa chini ya miaka 13 ni 133 hadi 144, na mzunguko wake ni mdogo pia: sm 20.5 hadi 22, wakati wa wanaume ni 22.4 hadi 22.9. Kwenye boksi au kwenye ngozi yenyewe mara nyingi huandikwa kwa aunsi: 4¾ ni wa watoto, 5 ni wa wasichana wakubwa na wanawake, 5½ ni wa wanaume.

Mpe mtoto mpira aushike kwa vidole viwili juu ya mshono na dole gumba chini. Kati ya mpira na kiganja paonekane nafasi. Kama mpira umekaa kiganjani, ni mkubwa mno kwake. Mtoto wa namna hiyo akilazimishwa, atautupa kwa kukunja kiwiko ili ufike, na kukinyoosha tena kiwiko hicho baadaye ni kazi ya miezi.

Ngazi ninazofuata ni hizi. Hadi miaka 8, mpira wa tenisi au wa raba laini. Miaka 8 hadi 10, mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya fundi umeme: unakwenda kasi, unayumba hewani, na mtoto anajifunza bila kuogopa. Tepu ikiwekwa upande mmoja tu, unayumba zaidi, na watoto huupenda sana. Kuanzia miaka 10 au 11, kwa aliye tayari, ngozi ya aunsi 4¾. Baada ya 13, mvulana anaingia 5½.

Msichana asipandishwe 5½. Wazazi wengi hununua huo kwa sababu ndio uliojaa madukani, kisha binti anapata shida ya kuudaka na kuurusha, wakati timu za wanawake hawatumii huo hata kimataifa. Mnunulie wa aunsi 5, na kama haupo, abaki na 4¾.

Nikishanunua mpira wa ngozi, nimemaliza?

Hapana, umeanza. Mpira wa ngozi, hata ule mwepesi, unadai helmeti, pedi, glavu na kinga ya nyeti. Ukikosa pesa ya hivyo, kaa na tepu msimu mwingine, hakuna alichokosa.

Kwenye helmeti kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kiwango cha Uingereza, BS 7928:2013, hupima kama mpira unaweza kupenya kati ya kofia na nondo za usoni. Helmeti nyingine imepimwa kwa mpira wa wanaume, nyingine kwa wa watoto, nyingine kwa yote miwili. Mpira wa watoto ni mdogo, hivyo unaweza kupita kwenye pengo linalouzuia ule mkubwa. Mtoto anayecheza na 4¾ akivaa helmeti ya kaka yake iliyopimwa kwa 5½ pekee, lebo haimlindi. Isome ndani ya kofia.

Anatumia mkono wa kushoto. Kuna gongo lake?

Magongo hayana kushoto wala kulia. Glavu na pedi ndizo zinazotofautiana, kwa hiyo hapo mtaje muuzaji mapema, maana za kushoto hazipatikani kila duka.

Nitajuaje amelizidi gongo lake?

Rudia kipimo cha kinena mwanzoni mwa kila msimu. Mpini ukishaishia chini ya kinena kwa upana wa vidole vinne, na anamaliza mazoezi bila mikono kuchoka, panda saizi moja. Lile la zamani mpe mtoto mdogo wa klabu kabla ncha haijaanza kupasuka.