Uzoefu wangu: Kioo kimeng'oka, programu yasema kipo

Nina tuktuk tatu zinazobeba abiria kati ya Kongowea na Bombolulu. Kila jioni madereva hunitumia picha za chombo, na kwa miezi miwili sasa nazipitisha kwenye programu ya akili unde inayosoma picha, ili inionyeshe kama kuna kitu kimetoka.

Kwa kutaja vilivyopo, sina lawama nayo. Iliwahi kuona hata dumu la maji lililofichika nusu chini ya kiti.

Kisha ikaja picha ya tuktuk isiyo na kioo cha pembeni cha kushoto. Kilichobaki ni kile kijiti cha chuma tu, kimepinda, ncha tupu. Programu ikaandika: vioo viwili vya pembeni. Nikauliza, "Kioo cha kushoto kipo?" Ikajibu kipo. Nikampigia dereva, naye hakuficha: "Mama, kimegongwa na mkokoteni sokoni."

Modeli hizi hufunzwa kwa picha zenye maelezo, na mtu akieleza picha huandika alichokiona. Ni nadra aandike kwamba hapa hapana kioo. Isitoshe, tuktuk nyingi katika picha zina vioo viwili, basi mazoea hujaza pengo. Mimi nikiona kijiti kitupu najua kioo kimetoka. Kwake, kijiti ni dalili kwamba kioo kipo.

Nikabadilisha swali: "Nini kimekosekana?" Safari hii nilitumia picha ya tuktuk iliyokamilika, kusudi niijaribu. Ikaniambia tairi la akiba halipo. Tairi lilikuwepo, ila limekaa nyuma, na picha ilipigwa kutoka mbele! Swali lenyewe lilikuwa limeshaiambia kwamba kuna kilichopotea, nayo ikatafuta cha kutaja. Hapo ndipo nilipoona kwamba haitenganishi kisichokuwepo na kisichoingia kwenye picha, na kwangu tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana siwezi kumdai dereva tairi ambalo kamera haikulielekea.

Sasa siiulizi nini kimekosekana. Nina orodha yangu ya vitu kumi, na kwa kila kimoja naitaka iseme kiko wapi kwenye picha na kinaonekanaje, au iandike "sehemu hiyo haionekani". Kuamua kipi kimekosekana nafanya mwenyewe. Kwa kioo cha kushoto, nilipotaka ieleze ncha ya kijiti ina nini, iliandika chuma kitupu. Madereva nao sasa hupiga picha nne, mbele, nyuma na mbavu zote mbili, na mara moja kwa wiki naipa programu picha ya chombo kamili nione kama itanizulia upungufu.

Kwa kutaja vitu naipa nyota tano. Kwa kukagua peke yake, mbili. Picha za usiku bado naziangalia kwa macho yangu, kwa sababu kivuli chini ya kiti cha nyuma imeshakiita tairi mara mbili.